Hii ni kalamu gani? Mwongozo kamili wa kuitambua peni ya mshale kwa picha, kuanzia klipu hadi bomba na nibu

Swali linarudi kila wiki: mtu kaweka picha moja ya nibu, ukungu mtupu, nyuma kitambaa cha maua, halafu "jamani hii ni kalamu gani na ni ya mwaka gani?" Wanajitokeza watu ishirini, kumi na tano wanasema Parker 51 kwa sababu wameona mshale kwenye klipu, na mwenye kalamu anaondoka na jibu ambalo si lake.

Nimeamua kuandika kwa kirefu ila kwa kundi moja tu, yaani kalamu zenye klipu ya mshale. Ndizo tunazoletewa sana, kalamu za wazee waliokuwa karani au walimu, zawadi za mahafali, na zile za mnadani. Ukishaiweza njia hii kwa Parker utaitumia kwa nyingine pia, utabadilisha tu alama za kutafuta.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza. Mshale peke yake hauthibitishi chochote, na nibu peke yake ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Jibu linapatikana pale sehemu tatu zikikubaliana: klipu na mfuniko wake, maandishi ya bomba, yaani mwili wa kalamu, halafu nibu.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera ya nyuma inayofanya kazi vizuri. Kamera ya selfi usiitumie, nitaeleza kwa nini.
- Dirisha lenye mwanga wa mchana, au tochi ya simu nyingine.
- Karatasi nyeupe isiyo na mistari.
- Rula ya shule.
- Kitambaa laini cha pamba, kikavu, au chenye unyevu kidogo sana wa maji.
- Lenzi ya mkono kama unayo, ile ya fundi saa ni nzuri sana, ila si lazima.
- Kalamu ya risasi na karatasi ya kuandikia unachokisoma.

Usivyovihitaji ni dawa ya meno, Brasso, spiriti na asetoni. Maandishi ya bomba yamechongwa kwa kina kidogo mno, na dawa ya kung'arishia inakula plastiki ya pembeni hadi herufi zinapotea. Kalamu iliyopotezewa maandishi imepotezewa cheti cha kuzaliwa, na hakuna wa kuyarudisha. Asetoni ndiyo kabisa, inayeyusha plastiki yenyewe. Ifute tu kwa kitambaa, uchafu uliobaki kwenye herufi uache, mara nyingi huo uchafu ndio unafanya herufi zionekane.

## Hatua ya 1: Piga picha zinazosomeka

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na huwa si kwa sababu simu ni mbaya, ni kwa sababu mwanga unatoka upande mbaya. Flashi inapiga moja kwa moja, chuma kinang'aa, herufi zinapotea. Maandishi yaliyochongwa yanaonekana kwa kivuli, sasa kivuli kinahitaji mwanga wa pembeni.

Weka karatasi nyeupe karibu na dirisha, laza kalamu ili mwanga uipige kutoka ubavuni, ukiwa chini kabisa kama jua la saa kumi na mbili asubuhi. Zima flashi. Halafu izungushe kalamu kidogo kidogo kwenye mhimili wake huku unaangalia skrini, kuna pembe moja tu ambayo herufi zitajitokeza zote kwa mpigo, ukiipita kidogo zinapotea tena. Ukiipata, shikilia hapo upige.

Usiisogeze simu hadi iguse kalamu. Kamera nyingi za simu zikiwa karibu sana haziwezi kulenga, picha inakuwa ukungu. Rudi nyuma kama sentimita 15, piga, halafu kata picha baadaye ubakize sehemu yenye maandishi.

Picha unazohitaji ni hizi, na ukiwa unanunua kwa mtu wa mbali mwombe hizihizi:

1. Kalamu nzima ikiwa imefungwa, na rula kando yake.
2. Kalamu nzima ikiwa imefunguliwa, mfuniko umelala pembeni.
3. Klipu kwa mbele.
4. Mdomo wa mfuniko, yaani ile pete ya chini inapoingilia kalamu, kwa picha tatu au nne ili uzunguke mduara wote.
5. Bomba zima, hasa ncha ya nyuma na sehemu ya mbele karibu na mahali unaposhika.
6. Nibu kwa juu, na kwa chini.

Kuhusu kamera ya selfi: simu nyingi zinageuza picha yake kama kioo. Herufi utazitambua kuwa zimegeuka, ila nukta na vimstari havionyeshi kwamba vimegeuka, utashindwa kujua nukta ilikuwa kushoto au kulia, na mbele huko nukta ndiyo itakayokupa mwaka.

Utajuaje umefaulu: mtu mwingine ambaye hajaishika kalamu anaweza kukusomea maandishi yote kwenye picha bila wewe kumsaidia. Akianza kukisia herufi, rudia picha, usiendelee.

## Hatua ya 2: Soma klipu na mfuniko

Anza na klipu kwa sababu inakupa familia haraka. Klipu ya Parker ya mshale ilianza miaka ya 1930, na imeendelea kwa sura tofauti hadi leo, kwa hiyo inafunika karibu miaka tisini ya kalamu. Ndiyo maana nasema haitoshi.

Unachotafuta kwanza ni manyoya, yaani ule mkia wa mshale kule juu. Kwenye Parker halisi mistari ya manyoya ni mikali, imetengana, kila mmoja una kingo zake. Kwenye nyingi za kuiga mistari ni mipana, imezama, kingo zimelegea, na mara nyingine si manyoya kabisa bali ni mifereji tu iliyopigwa ili ukiangalia kwa mbali uone mshale.

Cha pili, tafuta umbo la almasi kwenye klipu, karibu na juu. Parker walikuwa wanaweka almasi ndogo ya rangi ya bluu kama alama ya gerentii ya maisha, kuanzia 1939 hadi 1947. Rangi ya bluu mara nyingi imeshatoka, unakuta shimo tupu lenye umbo la almasi, hiyo nayo inahesabika, ni alama ileile. Kwa mtu anayetafuta mwaka hii ni zawadi, kwa sababu inaufunga mfuniko ndani ya miaka tisa tu.

Cha tatu, mdomo wa mfuniko. Zungusha picha zako zile nne na usome kila kitu, hata alama zinazoonekana kama mikwaruzo. Hapa ndipo utaona jina `PARKER` na nchi. Kama mfuniko una dhahabu juu yake utaona kitu kama `1/10 12K GOLD FILLED`, maana yake ni chuma kilichofunikwa kwa tabaka la dhahabu, si dhahabu nzima, tafadhali usikubali kuuziwa kwa bei ya sonara.

Na hapahapa ndipo kalamu nyingi za "Parker 51" zinapoanguka. Hero 616 ya China imetengenezwa kwa kufuata umbo la Parker 51: nibu imefichwa vilevile, mfuniko wa chuma vilevile, hata wino unavyovutwa kwa kubonyeza mpira ndani ya bomba ni vilevile. Lakini ukisoma mdomo wa mfuniko imejiandika yenyewe `HERO` na `616`. Hawajaficha kitu. Watu wanaipita tu kwa sababu wameshauona mshale na mioyo imeshatulia. Hero ni kalamu nzuri ya kuandikia na mimi naipenda, ila bei yake na ya 51 ni mbingu na ardhi.

Utajuaje umefaulu: umeandika kwenye karatasi jina lililosomeka, nchi iliyosomeka, na kama almasi ipo au haipo. Usiandike "nadhani". Kama hakuna jina popote kwenye mfuniko andika "hakuna jina", hiyo nayo ni taarifa.

## Hatua ya 3: Soma bomba

Bomba ndilo shahidi ninayemwamini kuliko wote. Mfuniko unabadilishwa kwa sekunde moja, nibu inabadilishwa na fundi, ila bomba watu hawalibadilishi ovyo.

Tuzungumzie Parker 51 yenyewe sasa. Ilianza kuuzwa 1941, na kwa picha unaigawa mafungu mawili kwa kuangalia ncha ya nyuma.

Kama kuna mstari mwembamba wa maungio kama sentimita mbili kabla ya mwisho wa bomba, ina maana kile kipande cha nyuma kinafunguka na ndani yake kuna kitufe cha kuvutia wino. Hilo ni fungu la kwanza, wanaliita Vakumatiki, lilitengenezwa Marekani hadi 1948. Mstari huo unaweza kuwa mwembamba kama unywele, kwa hiyo tumia ule mwanga wa ubavuni.

Kama bomba ni kipande kimoja hadi mwisho, hakuna maungio, basi linafunguka kwa mbele karibu na pete ya chuma, na ndani kuna gamba la chuma lenye kibao cha kubonyeza. Hilo ni fungu la pili, Aerometriki, kuanzia 1948. Ukilifungua utaona maelekezo yamechongwa kwenye gamba, yana maneno `PRESS RIBBED BAR`. Piga picha hayo pia, ni ushahidi mzuri sana.

Onyo hapa. Usilazimishe kufungua. Kalamu iliyolala kwenye droo miaka thelathini wino umekauka umekuwa gundi. Ukihisi inagoma, acha, picha ya nje inatosha kwa kazi yetu. Na usitumie koleo, plastiki itapasuka na pete itajikunja.

Sasa maandishi. Kwenye fungu la kwanza yatafute nyuma, karibu na yale maungio. Kwenye fungu la pili yatafute mbele, chini kidogo ya pete. Yanasema hivi:

```
PARKER "51"
MADE IN U.S.A. 6.
```

Ile tarakimu moja ya mwisho ndiyo mwaka, yaani tarakimu ya mwisho ya mwaka, na nukta zilizo pembeni yake ni robo ya mwaka. Mpango wao ulikuwa wa kupunguza: robo ya kwanza nukta tatu, robo ya pili mbili, robo ya tatu moja, robo ya nne hakuna. Inaonekana kinyume, lakini ina mantiki ya kiwandani, wanafuta nukta moja kwenye muhuri kila robo ikiisha, kufuta ni rahisi kuliko kuongeza.

Mtego wake ni nukta ya mwisho ya `U.S.A.`, ile ni ya kifupisho, haihesabiki. Watu wanaihesabu wanapata robo mbaya. Hesabu tu zile zinazoikumbatia tarakimu.

Na mtego mwingine ni kwamba 6 inaweza kuwa 1946 au 1956, tarakimu yenyewe haisemi. Ndiyo maana tumesoma klipu na maungio kabla, ndivyo vinavyokuchagulia muongo.

Kama bomba linasema `MADE IN ENGLAND`, usitumie hesabu hii ya nukta. Parker walikuwa na kiwanda Newhaven, kusini mwa Uingereza, na kwetu huku tuliotawaliwa na Mwingereza kalamu za Newhaven ni nyingi kwenye masanduku ya wazee. Kwa hizo jibu lako lisimame kwenye modeli na fungu, mwaka kamili usiulazimishe.

Utajuaje umefaulu: una fungu la kalamu kutokana na maungio, na una maandishi ya bomba neno kwa neno, nukta kwa nukta. Kama maandishi yamefutika kabisa, maungio peke yake bado yanakupa kabla au baada ya 1948.

## Hatua ya 4: Nibu iwe ya mwisho

Najua wengi mnaanzia hapa. Nibu inavutia, ina nakshi, ina dhahabu. Ila nibu inachomoka. Fundi akiona imepinda anaweka nyingine iliyopo mezani, kwa hiyo nibu inakuambia habari za nibu, si lazima habari za kalamu.

Kwenye Parker 51 nibu imefunikwa na ganda, inachungulia ncha tu, kwa hiyo hakuna cha kusoma kwa nje. Angalia ganda lenyewe. Kama juu ya ganda kuna kimshale kidogo cha chuma kimepachikwa, hiyo si 51, hiyo ni Parker 61, iliyokuja 1956. Ni ishara moja ndogo na inamaliza ubishi wote. Wakati mwingine kimshale kimedondoka kimeacha alama ya umbo lake, tazama kwa mwanga wa ubavuni.

Kwa kalamu zenye nibu iliyo wazi, soma kutoka kwenye tundu la hewa kushuka chini, na kumbuka mstari wa mwisho unaweza kuwa nusu umezama ndani ya kishikio. Haya ndiyo utakayokutana nayo:

- `14K` na `585` ni kitu kilekile, dhahabu ya karati 14, sehemu 585 kwa 1000. `18K` na `750` vilevile ni ndugu.
- `18KGP` si dhahabu ya karati 18. Hizo herufi mbili za mwisho zinasema imepakwa tu kwa juu, chini ni chuma. Utaikuta sana kwenye Jinhao za China, na wauzaji wengine wanapiga picha kwa ujanja ili GP isionekane. Omba picha ya nibu nzima.
- `IRIDIUM POINT GERMANY` haikuambii nani katengeneza kalamu. Imewekwa kwenye nibu za kalamu nyingi za bei ya chini, zikiwemo zilizotengenezwa mbali kabisa na Ujerumani. Usimwambie mtu kalamu yake ni ya Kijerumani kwa sababu ya maneno haya.
- `WARRANTED` pamoja na karati, bila jina la kampuni, ni nibu ya dhahabu kutoka kwa mtengenezaji nibu wa nje, ziliuzwa kwa kampuni nyingi. Dhahabu yake ni ya kweli, ila jina la kalamu halimo.

Na kama kalamu inasema Parker Sonnet na nibu inasema 18K, bado usitulie. Sonnet ni kati ya Parker zinazoigwa sana, na nibu ya chuma iliyopakwa na kuandikwa 18K inapatikana bila shida. Rudi kwenye bomba na mdomo wa mfuniko.

Utajuaje umefaulu: nibu ama inakubaliana na klipu na bomba, ama umeandika wazi kwamba imebadilishwa.

## Hatua ya 5: Kama ni peni ya kubonyeza

Hapa hakuna nibu, kwa hiyo mzigo wote unaangukia klipu na ile pete katikati ya mwili. Tuchukue Jotter kwa sababu ndiyo kila mtu anayo. Ilitoka 1954, ina urefu wa kama sentimita 13, juu chuma na chini plastiki, au chuma kote.

Angalia kwanza klipu. Jotter za mwanzo kabisa hazikuwa na mshale, mshale ulikuja baadaye kwenye miaka hiyohiyo ya 1950. Kwa hiyo ukiona Jotter haina mshale usikimbilie kusema feki, inaweza kuwa ndiyo ya thamani kuliko zote ulizowahi kushika.

Kisha zungusha sehemu ya juu ya chuma na usome chini yake karibu na maungio: jina, nchi, na herufi mojamoja ambazo watu wanadhani ni mikwaruzo. Hizo herufi ni mwaka. Kuanzia 1980 Parker walitumia herufi kumi za maneno haya mawili yakiunganishwa, kila moja tarakimu yake:

```
Q U A L I T Y P E N
0 1 2 3 4 5 6 7 8 9
```

Robo ya mwaka kuanzia 1980 hadi 1986 iliandikwa kwa herufi: E robo ya kwanza, C ya pili, L ya tatu, I ya nne. Kuanzia 1987 wakahamia vimstari, na hapa tena wanapunguza: `III` robo ya kwanza, `II` ya pili, `I` ya tatu, bila kitu ya nne.

Sasa ona inavyochanganya. L ni mwaka unaoishia na 3, na pia ni robo ya tatu. I ni mwaka unaoishia na 4, ni robo ya nne kwenye mfumo wa zamani, na ni robo ya tatu kwenye mfumo mpya. Njia ya kutoka hapo ni kuuliza kwanza: kuna C? Herufi C haimo kwenye zile kumi za mwaka, kwa hiyo ukiiona ni robo tu, na uko kati ya 1980 na 1986 bila shaka. `TC` ni 1985 robo ya pili, kwisha. Ukiona vimstari viwili au vitatu, uko 1987 au baadaye. Na ukiona P au N, huwezi kuwa kwenye mfumo wa zamani, kwa sababu ule uliishia kwenye mwaka wa Y, yaani 1986.

Herufi zinarudi kila miaka kumi. L yenye vimstari viwili ni 1993, au 2003, au 2013. Hapo nchi inakusaidia: kampuni ilitangaza kukifunga kiwanda cha Newhaven 2009 na kazi ikahamia Ufaransa, kwa hiyo `MADE IN UK` inaifuta 2013. Zinabaki mbili, na ukiwa na picha tu jibu la kweli ni "1993 au 2003". Liandike hivyohivyo.

Kijiti cha wino cha ndani usikitumie kama ushahidi. Kinabadilishwa kila kikiisha, na vya kampuni nyingine vinaingia bila tatizo. Vilevile Jotter inayosema India haimaanishi feki, Parker zimetengenezwa India kwa leseni.

## Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme umeletewa picha hizi. Kalamu ya rangi ya damu ya mzee, mfuniko wa chuma usiong'aa sana, rula inasoma karibu sentimita 13.7 ikiwa imefungwa. Klipu ni mshale, manyoya makali, juu kuna kishimo chenye umbo la almasi bila rangi. Mdomo wa mfuniko unasoma `PARKER`, `MADE IN U.S.A.` Nibu imefichwa, ganda halina kimshale. Bomba lina mstari mwembamba karibu na mwisho. Kando ya huo mstari maandishi ni yale niliyoyaweka juu, tarakimu 6 na nukta moja baada yake.

Ganda lisilo na kimshale linaitoa 61. Jina kwenye mdomo wa mfuniko linaitoa Hero. Urefu wa 13.7 ni wa 51 ya kawaida, ile ndogo yake ni karibu 12.7. Mstari wa nyuma unasema Vakumatiki, maana yake si baada ya 1948. Kishimo cha almasi kinasema mfuniko ni wa 1947 kurudi nyuma. Tarakimu 6 sasa haiwezi kuwa 1956, na 1936 kalamu hii haikuwepo sokoni, kwa hiyo ni 1946. Nukta moja, ukiacha ile ya kifupisho, ni robo ya tatu. Jibu: Parker 51 Vakumatiki, Marekani, Julai hadi Septemba 1946.

Badilisha kitu kimoja tu kwenye picha hizo. Mfuniko uleule wenye almasi, lakini bomba ni kipande kimoja bila maungio. Mfuniko unasema mwisho 1947, bomba linasema mwanzo 1948. Hapo hakuna kalamu ya ajabu, kuna kalamu mbili: mfuniko wa moja umevishwa bomba la nyingine, na kwa kuwa mifuniko ya 51 inaingia kwa kusukuma tu bila nati, hilo hutokea hata kwa bahati mbaya mezani kwa fundi. Inaandika vizuri, ila muuzaji akikuambia ni "ya vita" na bei yake ni ya hiyo, mwonyeshe ncha ya nyuma.

## Hatua ya 6: Andika jibu lako kwa mpangilio

Ukishamaliza andika mistari minne: modeli, nchi, mwaka au kipindi, na kisichokubaliana. Mstari wa nne watu wanauruka, na ndio unaowasaidia wenzako kukusahihisha. Kwa mfano: "Parker 51 Aerometriki, England, baada ya 1948, mfuniko una almasi kwa hiyo ni wa kalamu nyingine."

Kama mdomo wa mfuniko hauna jina, bomba limesuguliwa likawa tupu, na nibu ni ya `IRIDIUM POINT`, simama hapo, sema haitambuliki kwa picha hizi, na uombe mbili tu za ziada: ncha ya nyuma kwa mwanga wa ubavuni, na ndani ya bomba kama linafunguka kwa mkono bila kulazimisha. Jina la kampuni wakati mwingine limechongwa kwenye gamba la ndani, mahali ambapo hakuna kidole kilichowahi kulisugua.